Kopo la Majina Kumi na Manne

TANGAZO RASMI. Wafanyakazi wote wa Ofisi ya Upimaji wa Ardhi, wa daraja zote, wa ndani na wa uwandani, mnafahamishwa kwa heshima na taadhima kwamba Kamati ya Sherehe ya Kufunga Mwaka imeundwa, imekaa, imejadili na imeazimia.

Kamati yenyewe ilikuwa shangazi yangu na mimi. Tulikaa jikoni kwake, tukajadili huku tukimenya vitunguu, na azimio liliandikwa nyuma ya ramani iliyoharibika kwa sababu karatasi safi zilihitaji saini. Ubao wa matangazo ulikuwa umejaa, kwa hiyo tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa choo. Sisemi hili kwa kulidharau. Hakuna tangazo lililosomwa kwa makini kama lile, na baadhi ya wasomaji walikuwa na muda wa kutosha kulirudia.

Nieleze nilivyofika hapo. Shule yetu ya bweni ilikuwa imefungwa, na baba alisema mtu mwenye akili nyingi kama zangu asiachwe nyumbani peke yake na paka. Wakati huo paka alikuwa amenyolewa upande mmoja, lakini hayo yana kesi yake. Nikapelekwa kwa shangazi, dada yake baba, mchora ramani, mwanamke anayeweza kuchora mto mzima bila kuinua kalamu na anayejua kabla hujafungua mdomo kwamba unataka kusema uongo. Mwaka huo Mkuu wa ofisi alikuwa amemkabidhi sherehe, kwa maneno haya: "Wewe unalalamika kila mwaka. Haya, andaa wewe."

Shangazi alilalamika kwa sababu nzuri. Mwaka uliopita sherehe ilifanyika katika ukumbi wa kukodi, kila mtu alitozwa kiasi kilekile, kuanzia Mkuu mwenye kiti kinachozunguka hadi Mama Chai mwenye ndoo, na majina ya ambao hawajalipa yalibandikwa ukutani kama ya wanafunzi waliofeli. Mchezo wa siku ulikuwa kukimbia ndani ya gunia. Mhasibu, ambaye anatembea kwa gongo tangu utotoni, aliteuliwa kuwa mwamuzi ili naye ajisikie yumo. Muziki uliendelea mpaka saa nne usiku, na wenye watoto wadogo wakala wakiwa wamesimama, wakaondoka. Mama Chai hakwenda kabisa. Alikuwa na msiba wa mjomba. Mjomba huyohuyo alikuwa amefariki pia mwaka juzi, na mwaka wa kabla yake, kila mara wiki ya sherehe. Kila mtu alimpa pole, na hakuna aliyeuliza.

"Miaka kumi na miwili anatupikia chai," shangazi aliniambia, kisu mkononi, machozi ya vitunguu yakimtoka. "Hajawahi kukaa nasi meza moja hata siku moja. Safari hii asipokuja, mimi sijaandaa kitu. Nitakuwa nimewalisha walewale walioshiba."

Hilo ndilo alilolitaka, na alilitaka kweli. Nakuomba msomaji ulikumbuke, kwa sababu mimi nililisahau kwa siku nne.

Kikao cha ofisi kilifanyika Jumatatu katika chumba cha kuchorea, kati ya meza zilizoinama na miguu mitatu ya vyombo vya kupimia. Shangazi alisimama na karatasi.

"Mchango ni kwa kadiri ya mshahara," alisema. "Mkuu atatoa mafungu matano. Wapimaji matatu. Sisi wa mezani mawili. Dereva, mlinzi, na Mama Chai, nusu fungu, na kama mwezi umebana, basi hata hilo nusu si lazima. Bahasha zote zinafanana, hazina jina, zinatumbukizwa kwenye kasha lenye kufuli. Hakuna orodha ukutani."

Mhasibu akainua kalamu. "Sasa nitajuaje nani katoa na nani hajatoa?"

"Hutajua."

"Mimi ni mhasibu, dada yangu. Kujua ndiyo kazi yangu."

"Utahesabu jumla, jumla ndiyo itakayotuambia tule kuku au tule harufu ya kuku. Jina la mtu halinunui mchele."

Watu wakacheka, Mhasibu akiwemo. Mkuu hakucheka, alikuwa bado anayazidisha yale mafungu matano.

Shangazi akaendelea. Hakuna ukumbi, tutakaa humu humu. Kuanzia saa sita mchana mpaka saa tisa, ndani ya saa za kazi, ili mwenye mtoto wa kumchukua shule amchukue. Wali, kuku, na sufuria moja kubwa ya maharage na mboga ambayo haijaguswa na nyama wala na mwiko wa nyama, kwa ajili ya wasiokula. Vinywaji ni maji na soda. Chai watapika wapimaji.

"Wapimaji?" akauliza mpima mmoja, kama aliyeambiwa atazaa.

"Mmesoma miaka minne chuoni. Maji yakichemka mtayatambua. Na kila mtu ataosha sahani yake. Mama Chai siku hiyo hashiki hata kijiko cha mtu mwingine."

Mama Chai alikuwa mlangoni na sinia la vikombe, kwa sababu hata kwenye kikao kinachosema asifanye kazi alikuwa kazini. Aliangalia chini, lakini nilimwona akitabasamu na vikombe vyake.

Mwisho yakaja mambo ya zawadi. Kila mtu atatoa jina moja kwenye kopo na kumnunulia huyo mtu zawadi isiyozidi bei ya sahani moja ya chakula cha mchana pale mkahawa wa kona. Ukitengeneza kwa mkono wako, vizuri zaidi. Ukijitoa mwenyewe, unarudisha. Ni siri: atakayesema kamtoa nani ataosha sahani zote kumi na nne. Mzigo utaandikwa jina la mpokeaji tu na kutiwa ndani ya boksi lililofungwa, ambalo litafunguliwa Ijumaa mbele ya wote.

"Na kopo atalizungusha mtoto wa kaka yangu," akasema. "Yeye si mfanyakazi, hana upande."

Hana upande. Sijawahi kusifiwa kwa jambo nisilostahili kiasi kile.

Upande nilikuwa nao. Asubuhi ile Mkuu alikuwa amenipa penseli themanini nizichonge, kisha akaniita "wewe wa bweni" mbele ya watu, kisha akaazima kalamu yangu nzuri. Wafanyakazi walikuwa wamenionya. Mkuu haibi kalamu, anaazima tu, na kalamu iliyoazimwa na Mkuu inakwenda mahali ambako hakuna mpima aliyewahi kufika. Nikaketi stoo, kati ya mikanda ya kupimia na vigingi, nikatafakari kwa utulivu wa jaji. Mtu huyu anapenda kupokea. Basi na apokee.

Nikaandika vikaratasi kumi na vitatu. Vyote vilikuwa na neno moja: Mkuu.

Cha kumi na nne niliandika Mama Chai, nikakiweka mfukoni. Hicho kilikuwa cha Mkuu mwenyewe, maana angejitoa mara tatu mfululizo hata yeye angeshtuka. Mpango ulikuwa hauna tundu. Siri aliyoiweka shangazi ili kulinda haki ndiyo iliyokuwa inanilinda mimi. Hakuna ambaye angethubutu kumwuliza jirani, na sahani kumi na nne zenye mafuta ya kuku si mzaha.

Nilizunguka na kopo meza hadi meza, uso wangu ukiwa kama wa mchungaji anayekusanya sadaka. Mhasibu alikunjua chake, akakitazama, akakigeuza nyuma kuona kama kuna rufaa. Dereva alipumua kwa pua. Shangazi alisoma chake na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sawa," sauti anayoitumia akiambiwa maji yamekatika. Mama Chai alisoma taratibu, akakikunja mara nne, akakitia mfuko wa aproni, akarudi kwenye birika lake. Mkuu nilimfuata ofisini kwake mwisho, kopo likiwa na karatasi moja tu. Alitumbukiza mkono akakoroga kana kwamba ana chaguo. "Bahati yangu hiyo," alisema. Nikamwambia ndiyo, Mzee, bahati haina mkubwa.

Jumanne na Jumatano niliishi kama mfalme. Nilikuwa namwona mtu akisimama mbele ya mlango wa Mkuu, akimkadiria, kisha akitikisa kichwa na kuondoka. Watu kumi na watatu walikuwa wanafikiria jambo moja na kila mmoja aliamini yuko peke yake.

Jumatano jioni shangazi alirudi nyumbani, akavua viatu, akakaa bila kuwasha taa.

"Mama Chai haji," alisema. "Mjomba wake amezidiwa."

Nikamwambia pole.

"Nilimwambia mchango si lazima. Nilimwambia hatafanya kazi. Kasema ahsante, mwanangu, Mungu akubariki, lakini mjomba. Nimekosea wapi?" Alikuwa haniulizi mimi. Alikuwa anaiuliza karatasi ya mipango, na karatasi haikusema kitu. "Labda ni mimi ninayejifanya najua watu wanataka nini."

Sasa hapa mtu wa heshima angefungua mdomo. Mimi nilifungua jokofu. Lakini usiku huo wali haukushuka vizuri, na asubuhi nilikwenda kwenye chumba kidogo cha chai nikamkuta anapanga vikombe.

"Mama, ni ile karatasi, sivyo?"

Akanitazama. "Karatasi ni siri."

"Mimi ndiye mwenye kopo. Kwangu si siri."

Akafuta kikombe ambacho kilikuwa kikavu tayari. "Mchango wamenisamehe, sawa. Lakini nitampa nini mtu yule? Mtu ana kiti kinazunguka. Nimpe leso ya bei ya sahani ya wali, aifungue mbele za watu, aseme ahsante kwa ule uso wake? Bora mjomba afe tena."

Nikamwambia, kwa sauti ya kamati, kwamba sheria inaruhusu kubadilisha karatasi endapo afya ya mjomba iko hatarini. Nikachukua chake, nikampa kingine nilichokiandika nyuma ya mlango dakika moja kabla: Dereva. Akakisoma, na mabega yake yakashuka. "Huyu namjua," alisema. "Huyu kila asubuhi anapuliza mikono. Nitamfumia glavu." Mjomba akapona saa hiyohiyo.

Shangazi alipopata habari kwamba Mama Chai anakuja aliimba bafuni. Nikajiona mtu mwema sana. Nilikuwa nimeharibu na kutengeneza ndani ya wiki moja, na kwa hesabu yangu nilikuwa nimebaki na faida.

Ijumaa ikafika. Bahasha zilikuwa zimetoa kuku na chenji ya matunda. Meza za kuchorea zililazwa zikawa meza za kulia. Wapimaji walipika chai iliyofanana na maji ya kusafishia brashi, na Mama Chai aliinywa yote akiwa amekaa, mgongo umenyooka, amevaa gauni la bluu ambalo hakuna aliyewahi kuliona, akisema, "Si mbaya, si mbaya," kwa huruma ya mwalimu wa darasa la kwanza.

Mchezo wa shangazi haukuhitaji miguu ya mtu. Kila mmoja, akiwa ameketi, aandike urefu wa korido ya ofisi kwa kukisia, kisha utepe utaamua. Wapimaji walicheka kwa majivuno wakafumba jicho moja. Mkuu aliandika mita ishirini na saba na kupigia mstari. Mhasibu aliandika ishirini na tano, akasema ni makadirio ya awali. Utepe ukanyooshwa: ishirini na mbili na nusu, na sentimita nne. Mama Chai alikuwa ameandika ishirini na mbili na nusu.

"Umepimaje?" akauliza mpima.

"Vigae sabini na tano," alisema Mama Chai. "Kila kimoja sentimita thelathini, imeandikwa kwenye boksi la akiba kule stoo. Nyinyi mnaipima kwa jicho. Mimi naipima kwa magoti kila siku."

Chumba kilipasuka kwa kicheko, na Dereva akampigia makofi akiwa amesimama. Nilimwona shangazi akigeukia dirishani kidogo, akijifanya anatafuta kitu. Laiti sherehe ingeishia hapo.

Boksi likafunguliwa. Dereva ndiye aliyepewa kazi ya kuchomoa na kusoma.

"Mkuu," alisoma. Makofi. Ilikuwa kalamu.

"Mkuu," alisoma tena. Mkuu akainua nyusi, akafungua. Kalamu, na uzi wa kuifungia mezani. Kicheko kidogo.

"Mama Chai." Chupa ya chai ya kubebea, safi, nyekundu. Akaikumbatia. Kisha Dereva akasoma jina lake mwenyewe, akavaa glavu hapohapo, akaendelea kuchomoa akiwa nazo.

"Mkuu." Sabuni. "Mkuu." Sabuni. "Mkuu." Leso. "Mkuu."

Kufikia ya saba makofi yalikuwa yamekwisha. Kufikia ya kumi ungeweza kusikia feni. Dereva aligeuza boksi juu chini, halikutoa kitu. Mkuu alikuwa na mizigo kumi na miwili: kalamu tano, sabuni tatu, leso mbili, chanuo, na kijitabu cha kuandikia vitu ulivyoazima, kilichoshonwa kwa mkono. Watu kumi na mmoja walikuwa na mikono mitupu.

Mhasibu aliweka gongo lake mezani polepole.

"Kumbe usawa ndio huu," alisema. "Mafungu kwa kadiri ya mshahara, sawa. Halafu sote tunamnunulia mkubwa. Na kile cheo cha msaidizi wake kiko wazi tangu katikati ya mwaka, na mwenye sherehe ni nani? Hongera, dada yangu. Umechora vizuri."

"Hata mimi nimemtoa yeye," alisema shangazi. "Nilidhani ni mimi tu." Lakini sauti yake ilikuwa imepungua, na hakuna aliyemtazama. Walikuwa wanatazama sahani zao, kwa namna watu wanavyotazama wakishaamua. Mlinzi alianza kufunga kifungo cha koti. Mpima mmoja alisema, si kwa sauti kubwa, kwamba angalau mwaka jana walijua wanaibiwa.

Nami niliuvaa uso wangu wa mchungaji. Niliwaza kwamba dakika tano zitapita, kwa sababu dakika zote hupita, na shangazi ana ngozi ngumu.

Lakini Mkuu hakuwa ameelewa. Alikuwa bado anazipanga zile kalamu kwa urefu. "Sikujua," alisema, akakohoa. "Kumi na mbili. Miaka yote hii nilidhani hamnipendi."

Hapo ndipo Mama Chai alipoinuka, akaja na chupa yake nyekundu kwapani, akasimama mbele yangu. Hakupaza sauti.

"Mwanangu, kama kopo lote lilikuwa na jina moja, yule Dereva uliyenipa mimi ulimtoa wapi?"

Nilimwambia labda alikuwa chini, amenasa kwenye ukingo wa kopo.

"Wino ulikuwa mbichi," alisema. "Ulinichafua kidole. Nilifikiri ni huruma tu, nikanyamaza. Sasa anayechafuliwa ni shangazi yako."

Watu wote wakageuka. Nilimtazama shangazi nikitegemea hasira, kwa sababu hasira yake naijua njia zake. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananitazama jinsi alivyoitazama ile karatasi ya mipango, akitafuta alipokosea.

Basi nikasimama. Nilianza kwa "Waheshimiwa wajumbe," nikaona haifai, nikaanza upya.

Nilisema ni mimi. Kwamba niliandika jina la Mkuu mara kumi na tatu nikiwa stoo, kabla shangazi hajaliona kopo. Kwamba yeye hakujua, hakuniagiza, na cheo sikukisikia mpaka leo. Kwamba Mama Chai alikuwa karibu kukosa sherehe kwa sababu yangu, nami nikamdanganya mara ya pili nikajipongeza. Kwamba nilitaka Mkuu alemewe na vitu vya bei ya sahani ya wali mbele ya watu wote ili nicheke, na kwamba nilikuwa nimecheka, Jumanne na Jumatano.

"Kwa sababu ya kalamu?" akauliza Mhasibu.

"Na penseli themanini," nilisema. Ilisikika ndogo sana hewani.

Mkuu aliziachia zile kalamu. Aliniuliza swali moja tu, bila ukubwa wowote, kama mtu anayeuliza saa.

"Kwa hiyo, kati ya hawa wote, ni nani aliyenitoa kweli?"

Nilitafuta uongo mzuri. Ninao mwingi, na siku nyingine yoyote ningempa hata wawili.

"Hakuna, Mzee," nilisema. "Nilikutoa mimi."